Barua ya likizo inapovuka lugha

Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam na Arusha, barua ya kuomba likizo huandikwa kwa lugha moja na kuamuliwa kwa lugha nyingine. Mtunza ghala anaiandika kwa Kiswahili, msimamizi wake anaipitisha kwa Kiswahili, kisha inapanda hadi kwa meneja au mkurugenzi asiyesoma Kiswahili. Hapo anaitwa katibu muhtasi, au kijana wa utawala anayesifiwa kwa Kiingereza chake, anaambiwa, "Hebu tutafsirie hii mara moja." Jibu likishuka kwa Kiingereza, mtu yuleyule ndiye anayetumwa kumweleza mwombaji.

Makosa ya tafsiri hii hayaonekani siku ile barua inapotumwa. Yanaonekana baadaye, pale mfanyakazi anaporudi kazini akiwa na furaha zake na kukuta barua ya kujieleza mezani, kwa kuwa ofisi ilimtarajia wiki mbili kabla. Wakati mwingine yanaonekana mapema zaidi: mtu amekata tiketi ya basi la Songea, kumbe alichoambiwa ni kwamba ombi lake limepokelewa, si kwamba limekubaliwa.

Tuchukue barua ya mfano, ya aina inayoandikwa kila mwisho wa mwaka:

Meneja Rasilimali Watu,
K.K. Mkuu wa Kitengo cha Ghala.

Ndugu,

YAH: OMBI LA LIKIZO YA MWAKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaomba kupatiwa likizo yangu ya mwaka ya siku 28 kuanzia tarehe 1 Desemba 2025. Kwa muda wote huo nitakuwa Songea, na msaidizi wangu atakaimu nafasi yangu. Natumaini ombi langu litakubaliwa.

Wako mtiifu,

Ni barua safi. Mswahili yeyote wa ofisini ataisoma bila kusita, na hakuna neno la kumkera mkubwa wala la kumdhalilisha mwandishi. Ikipelekwa Kiingereza neno kwa neno, hata hivyo, itafika ikiwa na mambo ambayo msomaji wake hayahitaji, na itakosa mawili matatu anayoyahitaji ili aweze kuamua.

Tuanze na adabu, maana ndiyo inayowatia watafsiri wengi hofu. Kiswahili cha ofisini huweka heshima yake katika umbo la barua: cheo cha mpokeaji, njia inayopitia, neno la kumwita, kichwa cha habari, na lile neno la mwisho kabla ya saini. Vikikaa vizuri, ombi lenyewe linaweza kusemwa kwa kitenzi kimoja kilichonyooka: ninaomba. Kiingereza cha ofisini kimepunguza mapambo ya pembeni, kikaihamishia heshima ndani ya sentensi ya ombi. Mtu husema kwamba angependa, au angeshukuru, au kama ingewezekana. Kila lugha ina adabu kamili, ila kila moja imeihifadhi mahali pake.

Ndiyo sababu tafsiri ya neno kwa neno hupoteza heshima kwa pande zote mbili. Barua ya Kiingereza ikigeuzwa "Ningependa kuomba kama ungeweza kufikiria ombi langu la likizo," Kiswahili chake kinayumba. Msomaji anabaki kujiuliza: ungependa, sasa unaomba au huombi? "Ninaomba kupatiwa likizo" ina uzito ule ule na inasimama. Vivyo hivyo "Ninakuandikia barua hii ili kuomba" haina kazi, kwa sababu barua iko mkononi mwa msomaji tayari. Kwa upande wa pili, "Husika na kichwa cha habari hapo juu" haihitaji kuhamia Kiingereza hata kidogo. Kichwa cha habari kinatosha, na sentensi ya kwanza ya Kiingereza iwe ombi lenyewe. Mtafsiri anayeiacha haibi kitu. Kazi ya sentensi ile ni kufungua mlango kwa adabu, na Kiingereza kinaufungua kwa namna nyingine.

Kuna watu huongeza unyenyekevu wakidhani ndio urasmi: kwa unyenyekevu mkubwa na taadhima, naomba kwa moyo mkunjufu, nitashukuru sana Mungu akujalie. Katika barua ya likizo ya mwaka mimi naona hilo linamwumiza mwombaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi likizo hiyo kama haki. Mwajiri ana mamlaka ya kupanga ni lini itachukuliwa, kwa hiyo kinachoombwa hasa ni tarehe. Maneno ya kusihi yakivushwa yalivyo, msomaji wa Kiingereza anahisi anaombwa hisani, na hisani hunyimwa bila maelezo. Urasmi ni kumpa kila mtu nafasi yake, mwombaji naye akiwamo.

Neno "Ndugu" lina mtego wake. Katika Tanzania tumelizoea tangu enzi za TANU, na linamfaa mwanamume na mwanamke, mkubwa na mwenzio. Kiingereza rasmi kinataka kujua kama unayemwita ni bwana au bibi, na kama jina lake linafahamika kinataka jina la ukoo. Mtafsiri asikisie. Aangalie barua za nyuma kwenye faili au aulize mapokezi. Tatizo hilo linarudi ndani ya barua, pale "msaidizi wangu atakaimu." Kiswahili hakisemi kama msaidizi ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza kitalazimika kusema mara tu sentensi inayofuata ikianza. Dawa ni kumtaja kwa jina na cheo, jambo ambalo meneja angelihitaji vyovyote vile, maana atataka kujua nani atasaini hati za ghala mwezi mzima.

Zile herufi K.K. zinamaanisha "kupitia kwa." Ni tofauti kabisa na K.n.y., yaani kwa niaba ya, na nimeona watu wakizichanganya. Anayepitishiwa barua haandiki kwa niaba ya mtu. Anaiona, anaweka maoni yake na kuisukuma mbele. Kiingereza cha serikalini kina kifupi chake cha kazi hiyo, lakini meneja aliyekulia katika kampuni binafsi huenda hajawahi kukiona. Andika kwa maneno kamili kwamba barua imepitia kwa mkuu wa kitengo.

Sasa tufike kwenye namba, ambako ndiko pesa na muda hupotea. "Siku 28 kuanzia tarehe 1 Desemba 2025" ni sentensi iliyo wazi kwa aliyeiandika. Sheria ya Bara inasema likizo ya mwaka si chini ya siku 28 mfululizo, na sikukuu zikiangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Maana yake Jumamosi na Jumapili zimo, Siku ya Uhuru ya tarehe 9 imo, Krismasi na siku inayoifuata zimo. Tarehe 1 Desemba 2025 ilikuwa Jumatatu. Ukihesabu siku 28 unafika Jumapili ya tarehe 28, na mtu anaripoti kazini Jumatatu ya tarehe 29.

Mpe sasa barua hiyo meneja aliyezoea kuhesabu siku za kazi, kwa mfano aliyetoka ofisi ya Nairobi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Yeye anaposoma namba mbele ya neno siku, akili yake inaruka wikendi na sikukuu. Siku 28 za kazi kuanzia tarehe ile ile 1 Desemba, ukiruka wikendi zote, tarehe 9, 25 na 26 Desemba, Mwaka Mpya na Sikukuu ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, zinaishia Jumatano ya tarehe 14 Januari 2026. Mtu angerudi kazini tarehe 15. Kati ya tarehe 29 Desemba na tarehe 15 Januari kuna siku 17, na zote zimezaliwa na neno "siku" lililoachwa peke yake.

Mfumo wa likizo kwenye kompyuta huongeza mkanganyiko badala ya kuuondoa. Mifumo mingi ya aina hiyo imepangwa kwa Kiingereza, na mtafsiri huambiwa si tu atafsiri barua bali pia aijaze kwenye skrini. Anachagua `Annual Leave`, anaweka tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na mfumo unajaza idadi wenyewe. Ukiwa umepangwa kuhesabu `Working Days` na sikukuu za Tanzania zimeingizwa, kwa likizo yetu utaandika 17: siku 20 za Jumatatu hadi Ijumaa, ukitoa sikukuu tatu. Barua inasema 28, skrini inasema 17, na mtu wa tatu akizilinganisha atadhani kuna udanganyifu. Hakuna. Ni likizo moja iliyohesabiwa kwa vipimo viwili. Cha kufanya ni kuangalia mkataba wa mwombaji na kanuni za ofisi zinatumia kipimo gani, kisha kukiandika kwa maneno katika lugha zote mbili: siku 28 za kalenda, wikendi na sikukuu zikiwamo.

Hata hapo neno "hadi" linaweza kuponza. "Kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 28": je, tarehe 28 ni likizo au ni siku ya kurudi? Kwa Kiingereza vilevile neno la kazi hiyo linabishaniwa. Mimi siku zote ningeandika tarehe tatu: siku ya kwanza ya likizo, siku ya mwisho, na siku ya kuripoti kazini. Jina la mwezi liandikwe kwa herufi. Tarehe 1/12 kwa Mmarekani ni tarehe 12 Januari, na hilo halihitaji mtu mjinga, linahitaji mtu mwenye mazoea yake tu.

Aya ya barua yetu, ikiwa tayari kuvuka, ingesomeka hivi: "Ninaomba kupatiwa likizo yangu ya mwaka ya siku 28 za kalenda, wikendi na sikukuu zikiwamo. Likizo itaanza Jumatatu tarehe 1 Desemba 2025, itaisha Jumapili tarehe 28 Desemba 2025, nami nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 29 Desemba 2025." Angalia kwamba mabadiliko yamefanywa kwenye Kiswahili kwanza. Ukigundua barua ina utata, mrudie mwandishi aurekebishe kwa mkono wake kabla hujatafsiri. Usiupatie ufumbuzi kimyakimya ndani ya Kiingereza, kwa sababu utakuwa umeamua jambo lisilo lako, na barua mbili zitakuwa zinasema mambo mawili.

Kabla barua haijafika juu, mkuu wa kitengo huandika pembeni: "Napitisha. Hakuna pingamizi." Sentensi hii fupi imewahi kuleta fujo katika ofisi nyingi. Anayepitisha ametoa maoni yake, hajatoa likizo. Kwenye mfumo wa kompyuta hali hiyo huitwa `Recommended`, na mtafsiri mwenye haraka akiigeuza kuwa `Approved`, mwombaji anaweza kuhesabiwa amekwisha kuruhusiwa na mtu asiye na mamlaka hayo. Kwa Kiswahili, maneno ya ngazi ya kwanza ni kupitisha au kupendekeza. Ya ngazi ya mwisho ni kuidhinisha, au katika barua za serikalini, kuridhia. Ngazi hizo zisichanganywe.

Likizo ya mwaka ina utulivu wake. Barua ya msiba haina, na hapo ndipo Kiswahili na sheria hukutana vibaya. Mfanyakazi anaandika: "Nimefiwa na baba yangu mdogo, naomba ruhusa ya siku saba nikazike." Kwenye skrini kuna chaguo la `Compassionate Leave`. Sheria ya Tanzania Bara inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wa mfanyakazi, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Baba mdogo hayumo katika orodha hiyo.

Mtafsiri ana majaribu mawili. La kwanza ni kuandika kwa Kiingereza kwamba aliyefariki ni baba, kwa kuwa Kiswahili kimemwita baba na huruma inasukuma hivyo. Hilo ni kosa zito. Baba mzazi akija kufariki baadaye, au akija ofisini kumtembelea mwanawe, mwombaji ataonekana mwongo kwa neno ambalo hakuliandika. Jaribu la pili ni kuandika neno moja la Kiingereza linalobeba ami, mjomba na hata mume wa shangazi kwa pamoja, na kuacha humo humo. Neno hilo si la uongo, lakini linafuta jambo ambalo kila msomaji wa Kiswahili angelijua: kwamba baba mdogo ana nafasi ya baba katika ukoo, na kwamba mazishi yake hayawezi kumkosa mtoto wa kaka yake.

Njia ya haki ni kueleza uhusiano badala ya kuuita jina tu. Kiingereza kiseme kwamba marehemu ni mdogo wake baba mzazi wa mwombaji, na kama ndiye aliyemlea, hilo liongezwe baada ya kumwuliza mwenyewe. Neno "ndugu" nalo linadai maelezo ya aina hiyo. Anaweza kuwa wa tumbo moja, anaweza kuwa mtoto wa mama mkubwa, na sheria inamtambua wa kwanza. Baada ya hapo uamuzi ni wa ofisi. Waajiri wengi wana kanuni pana kuliko kiwango cha chini cha sheria. Wengine humpa mtu siku kadhaa za msiba na nyingine zikakatwa kwenye likizo yake ya mwaka au kuwa likizo bila malipo. Mwombaji aliyeelezwa mapema anaweza kuandika mwenyewe ombi hilo la pili, asingoje kukataliwa akiwa tayari yuko njiani.

Jibu linaposhuka, mtafsiri anageuka. Tuseme mkurugenzi ameandika kwa Kiingereza sentensi tatu: siku nne za msiba zimeidhinishwa, siku tatu zitakatwa kwenye likizo ya mwaka, na kampuni inampa pole. Mpangilio huo kwa Kiingereza hauna ubaya. Kwa Kiswahili, barua inayoanza kumhesabia mfiwa siku kabla ya kumpa pole ni barua ya mtu asiye na utu, hata kama kila neno limetafsiriwa sawasawa. Pole itangulie: "Uongozi unakupa pole kwa kufiwa na baba yako mdogo." Kisha: "Umeidhinishiwa ruhusa ya msiba ya siku nne. Siku tatu zilizobaki zitakatwa kwenye likizo yako ya mwaka." Hapo namba ni zile zile na masharti ni yale yale. Kilichohama ni mahali pa sentensi, na hilo mtafsiri ana ruhusa nalo. Vivyo hivyo kusema mtu amefariki dunia, hata Kiingereza kikisema tu kwamba amekufa.

Ruhusa hiyo inakoma kwenye masharti. Kiingereza cha ofisini hupenda kutoa kwa mkono mmoja na kuweka kizuizi kwa mkono mwingine ndani ya sentensi moja: likizo imekubaliwa, ikitegemea makabidhiano ya kazi. Kikisemwa hivyo kwa Kiswahili, sharti linakaa mkiani na halisikiki. Mtu anasikia "imekubaliwa" na kuanza kufunga mizigo. Ligeuze liwe sharti linaloonekana: "Utaruhusiwa kuanza likizo baada ya kukabidhi funguo na leja za ghala kwa maandishi." Na barua inayosema tu kwamba ombi limepokelewa na linafikiriwa ni bora iongezewe maneno yanayomlinda mwombaji, kwa idhini ya aliyeiandika: "Tafadhali usisafiri kabla ya kupata jibu la mwisho."

Kukataa nako kunataka unyoofu. Kiswahili kina njia laini za kusema hapana, na mtafsiri mwenye moyo mwema anaweza kulainisha mpaka hapana ikapotea: "Tutaangalia uwezekano huo siku zijazo." Ikiwa Kiingereza kimekataa Desemba na kutoa Februari, Kiswahili kiseme: "Tunasikitika kukujulisha kwamba likizo haikuidhinishwa kwa mwezi Desemba. Umepangiwa kuanza tarehe 2 Februari 2026." Upole uko kwenye "tunasikitika," na ukweli uko kwenye "haikuidhinishwa." Vyote viwili vinaenea katika sentensi moja.

Mwisho kuna kazi ya faili. Juu ya karatasi ya Kiingereza liandikwe neno kwamba ni tafsiri, pamoja na tarehe na jina la aliyetafsiri. Asisaini mahali pa mwombaji, hata kama mwombaji amekwisha kuondoka. Nakala iliyosainiwa ya Kiswahili ibanwe pamoja na tafsiri, jibu la Kiingereza libanwe na tafsiri yake, na mwombaji apewe nakala ya jibu katika lugha zote mbili kabla ya siku yake ya kwanza ya likizo. Kabla ya kubana, soma tarehe tatu na idadi ya siku kwa sauti kutoka karatasi moja huku mwenzio akiangalia nyingine.